Maneno ya Mwalimu kwa Darasa la Saba Siku ya Mwisho ya Masomo

Wasomaji wetu wengi wana watoto mashuleni, nao wajua ya kuwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka 2024 ulifanywa tarehe 11 na 12 Septemba, masomo sita kwa siku mbili. Habari za mtihani wenyewe na za matokeo yake husemwa kila mahali. Sisi leo twataka kueleza habari za siku nyingine ambayo watu hawaiangalii, nayo ni ile Ijumaa ya mwisho ya masomo, zikiwa zimebaki siku 12, wakati mwalimu wa darasa anaposimama mbele ya watoto na kuwaambia jinsi ya kuzitumia siku hizo.

Tulipata ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa, karibu na dirisha, katika shule moja ya shamba. Jina lake hatulitaji, maana mwalimu mwenyewe alituomba hivyo, akisema kwamba mpango wake si mali yake bali ameuokota huku na huku. Watoto walikuwa 36. Walisimama wakamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye akaitikia, akawaambia waketi. Kisha alifanya jambo ambalo hatukulitazamia. Alichukua kitabu cha Sayansi, akakiinua juu watu wote wakione, akakifunga, akakiweka mezani na kuweka jiwe juu yake.

"Wanangu," alisema, "mwaka jana siku kama ya leo niliwaandikia ndugu zenu ratiba nzuri ubaoni. Saa ya Hisabati, saa ya Sayansi, saa ya Kiswahili, kila saa na somo lake. Waliinakili kwa mwandiko safi wakaenda nayo nyumbani. Nilipozunguka vitongojini niliwakuta kweli wanasoma. Kitabu kimefunguliwa, macho yako kitabuni. Lakini nilipomwambia mtoto, funga kitabu uniambie umesoma nini, alinitazama tu. Kosa lile lilikuwa langu, si lao. Niliwapa saa za kusoma, sikuwaambia kusoma ni kufanya nini."

Baada ya hayo aliwaeleza jaribio moja lililofanywa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa St. Louis, na habari zake zikachapishwa mwaka 2006 na wataalamu wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Wanafunzi walipewa habari fupi za kisayansi. Habari moja waliisoma mara mbili. Habari nyingine waliisoma mara moja tu, kisha ikaondolewa, wakapewa karatasi tupu waandike yote waliyoyakumbuka. Walipoulizwa baada ya dakika 5, ile iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa zaidi kidogo. Lakini walioulizwa baada ya juma moja, mambo yalikuwa yamegeuka. Katika habari iliyosomwa mara mbili walikumbuka sehemu 42 katika kila sehemu 100, na katika ile iliyosomwa mara moja na kuandikwa kwa kukumbuka walikumbuka sehemu 56.

"Mwaona hila iliyomo humo?" akauliza mwalimu. "Anayesoma tena na tena hujiona ajua, kwa sababu maneno yamemzoea na yeye ameyazoea. Ni kama mtu unayempita njiani kila siku. Uso wake waujua sana, lakini jina lake hulijui. Na mtihani hauulizi uso, wauliza jina."

Hapo ndipo tulipoelewa habari ya jiwe. Kwa siku 12 hizo, alisema, kitabu kitafunguliwa kwa kazi mbili tu: kutafuta swali, na kusahihisha jawabu. Kazi nyingine yote itafanywa kikiwa kimefungwa.

Sasa aliingia katika mpango wenyewe. Watoto 36 aliwagawa katika makundi 9 ya watoto wanne wanne, wala hakuwagawa kwa kufuata akili au urafiki, bali kwa kufuata vitongoji wanamokaa, ili mtoto asitembee mbali jioni. Mahali pa kukutania kila kundi palichaguliwa kwa kumtazama yule mwenye kazi nyingi zaidi za nyumbani. Palikuwa na msichana mmoja ambaye mama yake huuza samaki sokoni, naye hubaki na wadogo zake hata jua litue. Mwalimu alikuwa amekwisha kwenda kwa mama huyo na kuzungumza naye. Hakumwomba amwachie binti aende kusoma kwingine. Aliomba ruhusa tu kwamba watoto wengine watatu wafike uani kwake saa kumi jioni, waketi kwenye jamvi. Mama alikubali. Sisi twaona kwamba jambo hili dogo ndilo linaloshindwa katika mipango mingi. Watu huandika ratiba kana kwamba watoto hawana maji ya kuchota wala wadogo wa kulea, kisha hushangaa ratiba isipofuatwa.

Vitabu navyo vilikuwa vichache, kitabu kimoja kwa watoto wanne, na mwalimu aliufanya uchache huo kuwa ndio mtambo wa mpango. Vitabu vinne vitazunguka: cha Sayansi, cha Maarifa ya Jamii, cha Uraia na Maadili, na cha Kiswahili. Kila jioni kila mtoto aondoka na kitabu kimoja. Nyumbani, au alfajiri kabla ya kazi, huchagua kurasa chache alizoambiwa, akatoa humo maswali matatu, kila swali kwenye kipande chake cha karatasi. Mbele huandika swali, nyuma huandika jawabu pamoja na namba ya ukurasa. Kesho yake hubadilishana vitabu. Hivyo kundi hupata maswali mapya 12 kila siku, na baada ya siku nne kila mtoto amekwisha kulala na kila kitabu.

Namba ya ukurasa aliisisitiza sana. Alisema, "Mtoto akiandika jawabu la uongo nyuma ya karatasi, wenzake watatu watalihifadhi uongo huo kwa bidii. Kwa hiyo karatasi isiyo na namba ya ukurasa haisomwi. Na kabla haijatumika mara ya kwanza, mwenzake mmoja aifungue kitabuni aone kama jawabu ni lile."

Kisha aliwaonyesha karatasi njema na karatasi mbovu. Aliandika ubaoni: "Eleza juu ya Muungano." Akauliza, mtajuaje kama mwenzenu amejibu sawasawa? Hakuna aliyeweza kusema, maana swali hilo halina mwisho. Akalifuta, akaandika mawili mengine mahali pake: Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulifanyika tarehe gani? Na la pili: Nani walitia sahihi Hati za Muungano? La kwanza jawabu lake ni 26 Aprili 1964, na la pili ni Julius Nyerere na Abeid Karume. Mtu hujibu au hujibu vibaya, hapana katikati. Lakini aliwaonya pia kwamba tarehe na majina matupu hayatoshi, akatoa mfano wa moyo na damu. Watoto wengi hukariri kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi na vena hubeba damu yenye oksijeni kidogo. Kwa mishipa karibu yote ni kweli, ila ateri iendayo mapafuni hubeba damu yenye oksijeni kidogo, na vena zitokazo mapafuni hurudisha moyoni damu iliyokwisha kupata oksijeni. Basi karatasi njema yauliza: Ateri ya mapafu hubeba damu ya namna gani, na kwa nini? Mtoto ajuaye ya kuwa ateri ni mshipa utokao moyoni, na vena ni mshipa urudio moyoni, atajibu bila kukariri. Asiyejua atakamatwa hapo hapo, naye afadhali akamatwe jamvini kuliko katika chumba cha mtihani.

Jambo la pili katika hotuba lilikuwa habari ya kusahau. Mwalimu alimtaja Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye alijifanyia jaribio yeye mwenyewe kwa miaka, akihifadhi silabi zisizo na maana na kupima amesahau kiasi gani, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba kusahau kwenda mbio sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Baada ya saa moja faida ya kujifunza kwake ilikuwa imepungua kupita nusu. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi moja. Lakini baada ya mwezi mzima bado kama sehemu ya tano ilikuwapo. Silabi zisizo na maana husahaulika upesi kuliko masomo yenye maana, na mwalimu hakulificha hilo. Hata hivyo umbo la jambo ni lile lile. Atakayesoma moyo na damu leo mara tano kwa mfululizo, asirudi tena hata siku ya mtihani, amemimina maji matano katika chungu kimoja kinachovuja. Atakayesoma leo mara moja, akajiuliza kesho, akajiuliza tena baada ya siku tatu, ametumia saa chache zaidi na amebaki na mengi.

Ili kurudi kusitegemee kumbukumbu ya mtoto, kila kundi lilipewa bahasha tatu. Mpango huu asili yake ni visanduku vya Sebastian Leitner, aliyeueleza katika kitabu chake mwaka 1972. Mwalimu ameugeuza kidogo ufae watoto wanne badala ya mmoja. Karatasi mpya huingia bahasha ya kwanza, nayo hufunguliwa kila siku. Karatasi iliyojibiwa sawasawa huhamia bahasha ya pili, ambayo hufunguliwa siku moja na kuachwa siku moja. Ikijibiwa sawasawa tena huingia ya tatu, ambayo itafunguliwa Jumamosi ya pili na Jumatatu kabla ya mtihani tu. Karatasi yo yote iliyokosewa, hata kama ilikuwa imekwisha kufika bahasha ya tatu, hurudi ya kwanza.

Lakini imekosewa na nani? Hilo ndilo swali gumu la kusoma pamoja, nasi twasema bila kusita kwamba makundi mengi ya kusoma huharibika hapo. Mtoto mmoja mwepesi husema jawabu kwa sauti, na watatu huitikia kwa kichwa. Wote huondoka wameridhika, na kwa kweli amesoma mmoja. Mwalimu aliweka sheria moja tu juu ya jambo hili. Msomaji husoma swali. Hapana asemaye. Wote wanne, msomaji naye, huandika jawabu, kwenye karatasi kuukuu au mchangani kwa kijiti. Wakiisha kuandika wote, ndipo karatasi hugeuzwa. Akikosa hata mmoja, karatasi hurudi bahasha ya kwanza, na aliyepata humweleza aliyekosa, kisha aliyekosa hurudia maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe.

Mvulana mmoja wa mbele, ambaye tuliambiwa baadaye ndiye wa kwanza darasani, alinyosha mkono. "Samahani Mwalimu. Mimi nikifuata sheria hii nitacheleweshwa na wenzangu. Karatasi ninayoijua itarudi kila siku kwa ajili ya asiyejua."

Watoto wengine walicheka, lakini mwalimu hakucheka. Alisema swali ni la haki, na kwamba atalijibu kwa hesabu. Akamwita ubaoni, akamsomea: "Bei ya mbuzi ilikuwa shilingi 80,000. Ikapanda kwa asilimia 15. Sasa ni shilingi ngapi?" Mvulana aliandika upesi: asilimia 15 ya 80,000 ni 12,000, basi bei mpya ni shilingi 92,000. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akamsomea la pili: "Mfanyabiashara aliuza mbuzi kwa shilingi 92,000, akapata faida ya asilimia 15. Alimnunua kwa shilingi ngapi?" Mvulana, kwa upesi ule ule, akachukua asilimia 15 ya 92,000, yaani 13,800, akaitoa, akaandika 78,200.

Mwalimu alinyamaza, akaacha jawabu likae ubaoni. Tulitazama nyuso za watoto, na nyingi zilikuwa zimekubali. Mwishowe yule msichana wa mama muuza samaki, aliyekuwa amekaa karibu nasi, alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hapati asilimia 15. Mama angelia."

"Njoo utuonyeshe."

Alikuja ubaoni, akaanza na 78,200 kana kwamba ndiyo bei ya kununulia. Akatafuta asilimia 15 yake, akapata 11,730. Akajumlisha, akapata 89,930. "Aliuza 92,000," alisema. "Hapa zimepungua 2,070."

Basi mwalimu akaeleza. Faida huhesabiwa juu ya bei ya kununulia, si juu ya bei ya kuuzia. Bei ya kununulia ndiyo 100, bei ya kuuzia ni 115. Kwa hiyo 92,000 ni sehemu 115, sehemu moja ni 92,000 gawanya kwa 115, yaani 800, na sehemu 100 ni 80,000. Ni mbuzi yule yule wa swali la kwanza. Akaongeza maneno ambayo tunapenda wazazi wayasikie pia: katika maswali ya kuchagua jawabu, mtungaji wa mtihani alijua kosa hili kabla ya mtoto kulifanya. Mara nyingi 78,200 itakuwamo katika majawabu yaliyoandikwa, ikimngoja mtoto mwepesi. Kwa hiyo kuliona jawabu lako katika orodha si dalili kwamba umepata.

Kwa nini mvulana hodari alianguka? Mwalimu alisema si kwa kutojua asilimia. Kitabuni maswali ya kuongezeka kwa bei yako mahali pamoja, na ya kutafuta bei ya kununulia yako mahali pengine. Afanyaye kumi ya aina moja kwa mfululizo hupata yote, maana baada ya la pili hafikiri tena ni ya aina gani. Katika mtihani hakuna kichwa cha habari juu ya swali. Kazi ya kwanza ni kutambua aina, na kazi hiyo hajaifanyia mazoezi hata kidogo. Kwa hiyo katika mpango huu Hisabati haina bahasha, kwa sababu mtoto atakariri kwamba jawabu la mbuzi ni 80,000. Badala yake kila jioni kundi hufanya maswali sita, kila moja kutoka sura nyingine ya kitabu: sehemu, asilimia, eneo, wastani, aljebra, na vipimo vya muda. Namba hubadilishwa kila siku, na kabla ya kukokotoa kila mtoto husema kwanza, "Swali hili lataka nini?"

Alitaka pia kila jawabu lipimwe kabla ya kufungua majawabu, akatoa mfano wa sehemu ambao twauona unafaa sana. Mtoto aambiwa ajumlishe 3/4 na 2/5. Wengi hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakapata 5/9. Kabla ya kujua njia ya haki, mtoto aweza kujua kwamba hili ni kosa: 3/4 peke yake imepita nusu kwa mbali, na 5/9 imepita nusu kidogo tu. Amejumlisha kitu, na jumla imekuwa ndogo kuliko alichoanza nacho. Haiwezekani. Ndipo arudi atafute namba ya chini inayogawika kwa 4 na kwa 5, nayo ni 20. 3/4 ni 15/20, 2/5 ni 8/20, jumla 23/20, yaani moja na 3/20. Hii imepita moja, na kwa kuwa 3/4 na 2/5 zote ni karibu ya nusu au zaidi, ndivyo tulivyotazamia.

Mvulana alirudi mahali pake. Mwalimu hakumsema zaidi, ila alimwambia, "Utakuwa kundi moja na huyu aliyekusahihisha. Mwakaa jirani." Nasi tuliona kwamba swali lake la kucheleweshwa hakulirudia.

Kiingereza alikipitia kwa maneno machache: kitafanywa siku moja na kuachwa siku moja, nusu saa, kwa kuandika sentensi na kubadilisha nyakati za vitendo, si kwa kukariri orodha za maneno.

Kisha aliandika mpango wa siku ubaoni. Saa kumi jioni kundi hukutana. Dakika 30 za kwanza ni za bahasha, kabla vichwa havijachoka. Dakika 30 zinazofuata ni za karatasi mpya 12, kuzipima kitabuni na kuzijibu mara ya kwanza. Dakika 30 za mwisho ni za Hisabati, na siku ya Kiingereza hugawana naye. Saa kumi na moja na nusu watoto hutawanyika kungali na mwanga, kila mtoto na kitabu chake cha usiku huo, wala hapana haja ya taa. Jumatatu na Alhamisi asubuhi mwalimu atakuwapo shuleni, na kila kundi litamletea karatasi zilizokosewa mara tatu. Hizo tu. Karatasi wanazozijua hataki kuziona.

Karatasi mpya zitaandikwa kwa siku sita: Jumamosi ya kesho, kisha Jumatatu hata Ijumaa. Zote zitakuwa 72 kwa kundi. Jumamosi ya pili na Jumatatu inayofuata hakuna karatasi mpya, ni kurudia tu. Jumanne, siku moja kabla ya mtihani, watapitia bahasha ya kwanza peke yake kwa nusu saa, wataweka tayari kalamu, penseli, rula na kifutio, na watalala mapema. Alikataza kabisa kukesha usiku huo. Jumapili zote mbili aliziacha bila kazi. Katika jambo hili hatukuafikiana naye sana, maana siku mbili kati ya 11 si haba; lakini alitujibu baadaye kwamba mpango usio na siku tupu hauna mahali pa kuweka yale yaliyoharibika, na kwamba atakayeugua Jumatano atahitaji Jumapili. Tulikubali.

Aliwaambia pia dalili za mpango kuharibika, ili wasingoje aje kuzigundua yeye. Bahasha ya kwanza ikipita karatasi 20, kundi liache kuandika mpya siku hiyo, maana linaingiza mengi kuliko linavyoweza kushika. Bahasha ya kwanza ikiwa tupu kila siku, maswali ni mepesi mno, au kuna mtu anayesema jawabu kabla wenzake hawajaandika. Na mtoto akiona kusoma kwa namna hii ni kuzito, na kwamba kusoma kitabu wazi kulimpendeza zaidi, asifikiri amerudi nyuma. Uzito ule watoka katika kutafuta jambo kichwani, na kutafuta huko ndiko kunakolishika.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na kama tumekosa wote wanne, na kitabuni hatuelewi?"

"Iandikeni alama ya msalaba, muiweke kando, msibishane juu yake," akajibu. "Mtoto asiyejua akimfundisha asiyejua, jioni yote imepotea. Nileteeni Jumatatu."

Hotuba yote, ukiacha hesabu za ubaoni, haikupita dakika 20, nasi tumesikia nyingine za saa mbili zilizosema machache kuliko haya. Hakuwaambia watoto kwamba taifa lawategemea. Alitoa madaftari ya zamani yenye kurasa zilizoandikwa upande mmoja, akayapitisha kwa makundi wakate vipande. Palikuwa na makasi moja tu, kwa hiyo wengi walikunja karatasi na kuikata kwa rula. Bahasha zilikuwa zile za kahawia za ofisini zilizokwisha kutumika, na majina ya zamani yamefutwa kwa kalamu. Juu yake watoto waliandika 1, 2 na 3.

Tulipokuwa twaondoka, tulimwona yule mvulana amekwisha kuandika karatasi yake ya kwanza. Mwenzake aliigeuza nyuma, akamrudishia. Haikuwa na namba ya ukurasa.